Bei juu, kazi chini: mafuta ya 1973 na mistari miwili ya uchumi

Tarehe 16 Oktoba 1973, nchi sita za Ghuba zinazouza mafuta zilikutana Kuwait zikapandisha bei ya pipa kutoka dola 3.01 hadi dola 5.12. Kesho yake nchi za Kiarabu zikakubaliana kupunguza uchimbaji mwezi hadi mwezi, na siku chache baadaye zikaifungia Marekani mafuta kwa sababu ya kuiunga mkono Israeli vitani. Ilipofika 1 Januari 1974, pipa lilikuwa dola 11.65. Ndani ya miezi mitatu bei ilikuwa imekaribia kuzidishwa mara nne.

Yaliyofuata Marekani yaliwachanganya hata waliokuwa wakishika usukani wa uchumi. Mwaka 1974 bei za bidhaa za walaji zilipanda kwa wastani wa asilimia 11. Wakati huohuo pato halisi la taifa lilipungua, mwaka huo na tena mwaka uliofuata. Ukosefu wa ajira, ambao Oktoba 1973 ulikuwa asilimia 4.6, ulifika asilimia 9 Mei 1975. Wengi walikuwa wamezoea kuona bei na ukosefu wa ajira vikipishana kama ndoo mbili za kisima: kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Safari hii vyote viwili vilipanda pamoja.

Mistari miwili ya mahitaji ya jumla na ugavi wa jumla inaeleza jambo hili vizuri kuliko chombo kingine ninachokijua, mradi ichorwe sawasawa. Nimesahihisha michoro mingi ya wanafunzi, na karibu kila mara kosa ni lilelile: mtu anasoma kwamba bei ya mafuta imepanda, kisha anausogeza mstari wa mahitaji. Anadhani kwamba bei ikipanda watu hununua kidogo, kwa hiyo mahitaji yamepungua. Akimaliza kuchora, anapata bei iliyoshuka, hali swali lilianza na bei iliyopanda.

Tuanze na mistari yenyewe. Huku chini ya mchoro tunaweka pato halisi la nchi nzima, yaani vitu na huduma zote zilizozalishwa baada ya kuondoa athari ya bei. Huku pembeni tunaweka kiwango cha jumla cha bei. Hii si bei ya embe wala ya petroli peke yake, ni wastani wa bei zote. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu mstari wa mahitaji ya jumla unateremka kulia kwa sababu zake, tofauti na zile za sokoni. Embe likipanda bei, mnunuzi anahamia kwenye papai. Bei zote zikipanda pamoja, hakuna papai la kukimbilia. Kinachotokea ni kwamba fedha iliyopo mikononi inanunua vichache, watu na kampuni wanahitaji fedha zaidi kwa shughuli zilezile, riba inapanda, na wanaotaka kukopa ili wajenge au wanunue mashine wanaahirisha. Bidhaa za nchi hiyo pia zinakuwa ghali kwa wageni, na mauzo ya nje yanapungua.

Mstari wa ugavi wa muda mfupi unapanda kulia kwa sababu mishahara na mikataba mingi haibadiliki kila wiki. Bei za bidhaa zikipanda huku ujira ukiwa umekwishaandikwa kwenye mkataba, kila kitu kinachouzwa kinaacha faida kubwa zaidi, na wazalishaji wanaongeza kazi. Muhimu ni kwamba mstari huu unachorwa kwa kushikilia gharama fulani: ujira wa leo, bei ya mafuta ya leo, hali ya mvua ya leo. Gharama hizo zikibadilika, mstari mzima unahama. Msukosuko hasi wa ugavi ni huo: jambo linalofanya wazalishaji, kwa kila kiwango cha bei, wakubali kuzalisha kidogo kuliko jana. Inaweza kuwa ukame, vita, bandari iliyofungwa, au pipa la mafuta kutoka dola 3 hadi 11.

Hesabu moja ndogo

Maneno matupu hapa huteleza, kwa hiyo tuweke namba. Namba hizi nimezitunga ili zigawanyike kirahisi. Si takwimu za nchi yoyote. Y ni pato halisi, P ni kiwango cha bei.

```
Mahitaji:          Y = 1400 - 4P
Ugavi wa mwanzo:   Y = 600 + 4P
```

Mistari inakutana P ikiwa 100 na Y ikiwa 1000. Tuseme 1000 ndiyo uwezo wa kawaida wa uchumi huu, na katika hali hiyo ukosefu wa ajira ni asilimia 5, kwani hata siku njema kuna watu walio njiani kutoka kazi moja kwenda nyingine.

Sasa mafuta yanapanda. Kwa kila bei, wazalishaji wanapunguza vipande 160:

```
Ugavi mpya:        Y = 440 + 4P
```

Mstari wa mahitaji hatujaugusa. Ukiweka 1400 - 4P sawa na 440 + 4P, unapata P = 120 na Y = 920. Bei zimepanda kwa asilimia 20 na pato limeshuka kwa asilimia 8.

Pato halikushuka kwa 160, limeshuka kwa 80 tu. Nusu ya pigo iliingia kwenye bei: bei ilipopanda, wazalishaji waliona nafuu kidogo wakarudisha sehemu ya uzalishaji. Ukitazama kwa upande wa bei, utaona jambo hilohilo. Ili kuzalisha 1000 kama zamani, wazalishaji sasa wangedai bei ya 140. Bei iliishia 120 kwa sababu wanunuzi walirudi nyuma. Kurudi nyuma huko kwa wanunuzi ni *mwendo juu ya mstari* wa mahitaji, si kuhama kwa mstari. Yule mwanafunzi wangu aliona jambo la kweli akaliweka mahali pabaya.

Na ajira? Kutoka pato hadi ajira tunavuka kwa daraja linaloitwa kanuni ya Okun, kwa jina la mchumi Arthur Okun, aliyeiandika mwaka 1962. Ni uhusiano uliopimwa tu, na vipimo vyake hubadilika kati ya nchi na nchi, lakini kwa Marekani wengi hutumia hivi: pato likipungua asilimia 2 chini ya uwezo, ukosefu wa ajira hupanda kwa pointi 1 hivi. Upungufu wetu wa asilimia 8 unatupa pointi 4. Ukosefu wa ajira unatoka asilimia 5 hadi 9, kama ilivyokaribia kutokea Marekani.

Kwa nini daraja hili si moja kwa moja? Kwa sababu mwajiri hafukuzi mtu siku ileile oda zinapopungua. Kwanza anafuta saa za ziada. Kisha haajiri mwingine pale anapoondoka mtu. Mafundi aliowafunza kwa gharama anawashikilia, akitumaini kwamba mambo yatatengemaa. Ndiyo maana pato hushuka zaidi kuliko ajira, na hushuka mapema zaidi.

Kuchelewa kulikowapotosha

Huko kuchelewa kuna kisa chake. Mdororo wa Marekani unahesabiwa kuwa ulianza Novemba 1973, lakini Agosti 1974 ukosefu wa ajira ulikuwa bado asilimia 5.5. Aliyeangalia jedwali la ajira peke yake angeweza kusema hali si mbaya. Bei kwa upande wake zilikuwa zikipiga kelele. Foleni za petroli zilikuwa zimekwisha tangu vikwazo vilipoondolewa Machi, ila bei ya pipa haikurudi ilikokuwa.

Kwa hiyo watunga sera walipambana na walichokiona. Benki kuu ya Marekani, chini ya Arthur Burns, ilikuwa imebana fedha hadi riba ya mikopo ya usiku mmoja kati ya mabenki ikakaribia asilimia 13 Julai 1974. Rais Gerald Ford, aliyeingia Ikulu Agosti baada ya Nixon kujiuzulu, alisimama mbele ya Bunge tarehe 8 Oktoba akaomba kodi ya ziada ya asilimia 5 kwa kampuni na kwa watu wenye kipato kikubwa. Shabaha ilikuwa kupunguza matumizi na kuzima bei. Wananchi waligawiwa vifungo vya kubandika kifuani vilivyoandikwa herufi WIN, kifupi cha wito wa kuuchapa mfumuko wa bei.

Kisha ajira zikaporomoka. Desemba ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 7.2. Januari 1975, miezi mitatu tu tangu aombe kodi ipande, Ford alirudi akiomba kodi ipunguzwe, na Machi akatia saini sheria ya kuipunguza. Wachekeshaji walipata la kusema kuhusu vile vifungo. Mimi simcheki sana Ford. Mtu yeyote mwenye chombo kimoja mkononi angeyumba vivyo hivyo, na tukirudi kwenye namba zetu tutaona kwa nini.

Serikali na benki kuu, kwa kodi, matumizi na riba, husogeza mstari wa mahitaji. Wa ugavi hawawezi kuurudisha kwa haraka, kwa kuwa hawana visima vya mafuta mfukoni wala hawaagizi mvua. Tuseme wanataka kulinda ajira, pato lirudi 1000. Itabidi wasukume mahitaji yawe:

```
Y = 1560 - 4P
```

Pato linarudi 1000, ukosefu wa ajira unarudi asilimia 5, na bei inafika 140 badala ya 120. Wameibeba gharama yote ya mafuta kwenye bei. Sasa tuseme wanataka bei ibaki 100 kama zamani. Itabidi wabane mahitaji hadi:

```
Y = 1240 - 4P
```

Bei ni 100, lakini pato ni 840, na kwa daraja letu ukosefu wa ajira unafika asilimia 13. Kati ya hizo mbili wanaweza kusimama popote, isipokuwa pale walipokuwa mwanzo. Mahitaji yakishuka yenyewe, kwa mfano watu wakiogopa na kuacha kununua magari, dawa ni moja kwa magonjwa yote mawili: sukuma mahitaji, pato na bei vyote vinarudi. Msukosuko wa ugavi hauna fadhila hiyo. Ford wa Oktoba alikuwa akielekea 840, na Ford wa Januari alikuwa akielekea 140.

Hapa ndipo pia pa kupimia aina ya tatizo. Ukiona bei na pato vinakwenda njia moja, shuku mahitaji. Vikiachana, bei juu na pato chini, shuku ugavi. Kipimo hiki hutumia pato, kwa sababu ajira, kama tulivyoona, huja nyuma kwa miezi.

Mstari hurudi wenyewe?

Vitabu husema kwamba ukiacha mambo yalivyo, P ikiwa 120 na Y ikiwa 920, uchumi utajiponya. Watu wasio na kazi ni wengi, wanakubali ujira mdogo, gharama za wazalishaji zinapungua, na mstari wa ugavi unateremka taratibu hadi tunarudi 100 na 1000. Kwenye ubao inachukua mshale mmoja. Nje ya ubao, watu hawakubali kirahisi mshahara wa mwezi ushuke, na kinachotokea mara nyingi ni kwamba mishahara inapanda polepole kuliko ilivyotarajiwa. Bei hazirudi chini kwa kweli, ila kasi yake inapoa. Ikumbukwe kuwa mchoro wetu unaonyesha kiwango cha bei, wakati magazeti yanaandika kasi ya kupanda kwake.

Marekani ya miaka ile ilikuwa na kikwazo kingine. Mikataba mingi ya vyama vya wafanyakazi, hasa ya viwanda vya magari, ilikuwa na kifungu cha kupandisha ujira bei zinapopanda. Kwa mfanyakazi ni haki tupu, maana hakuna anayependa kulipwa pesa ileile inayonunua mkate mdogo zaidi. Lakini kwenye mchoro, kila ujira unapoifuata bei, mstari wa ugavi unapanda tena juu ya mpando wa kwanza. Watu wakishaanza kutarajia bei za mwakani zitapanda, wanaziingiza kwenye madai ya leo. Msukosuko wa mara moja unageuka kuwa mwendo. Mapinduzi ya Iran yalipoyumbisha mafuta tena mwaka 1979, matarajio hayo yalikuwa yameota mizizi. Paul Volcker, aliyekabidhiwa benki kuu Agosti mwaka huo, aliamua kuyang'oa kwa riba kali. Mfumuko wa bei ulitoka wastani wa asilimia 13.5 mwaka 1980 hadi 3.2 mwaka 1983. Malipo yalikuwa ukosefu wa ajira uliofika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982.

Kuna sharti jingine la kujiponya ambalo wanafunzi hulisahau: uwezo wa uchumi uwe bado ni uleule 1000. Ukame ukipita na mvua ikarudi, ni kweli. Mafuta yakibaki ghali kwa miaka, mashine na malori yaliyonunuliwa wakati pipa ni dola 3 hayana tena faida ya kuendeshwa kama zamani. Uwezo wenyewe umeshuka, tuseme hadi 960. Atakayeendelea kusukuma mahitaji akitafuta 1000 atapata bei zinazopanda bila kikomo, na atashangaa kwa nini dawa haifanyi kazi. Ubaya ni kwamba siku ya kwanza hakuna anayejua msukosuko ni wa kupita au wa kukaa.

Sitaki pia mafuta yabebeshwe kila kitu. Bei za Marekani zilikuwa zinapanda kabla ya Oktoba 1973: nafaka ilikuwa imepanda, bei zilizozuiwa kwa amri ya Nixon tangu Agosti 1971 zilikuwa zikifunguliwa, na fedha ilikuwa imelegezwa. Wapo wachumi wanaosema sehemu kubwa ya mfumuko ule ilikuwa matunda ya ulegevu huo. Na mafuta yenyewe, kwa nchi inayoyanunua nje, hupiga mistari miwili kwa pamoja. Yanapandisha gharama za uzalishaji, na pia yanachukua dola kutoka mifuko ya wanunuzi na kuzipeleka ng'ambo, hivyo mahitaji ya bidhaa za nyumbani nayo yanalegea. Katika hali hiyo bei hupanda kidogo kuliko hesabu yetu, na pato huumia zaidi.

Kenya ya 2022, na ajira isiyoonekana

Kwetu mfano wa karibu ni mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipandisha mafuta, ngano na mbolea, na Kenya ilikuwa tayari katika ukame mkali. Mfumuko wa bei Kenya ulifika asilimia 9.6 Oktoba mwaka huo. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake elekezi kutoka asilimia 7 hadi 7.5 mwezi Mei, kisha 8.25 Septemba, na 8.75 Novemba. Huko ni kubana mahitaji, na riba haiotishi mahindi wala haishushi bei ya meli ya mafuta Mombasa. Kazi yake ni kuzuia mpando wa pili, ule wa matarajio. Tanzania, mwezi Juni, ilitoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Ruzuku ya namna hii inajaribu kuushusha mstari wa ugavi wenyewe, kwa hiyo inaweza kupunguza bei na kulinda pato kwa pamoja. Ila gharama haikufutika, imehamia kwenye bajeti, na ruzuku ikikoma mstari unapanda tena.

Kinachokosekana kwenye mfano wetu ni ile asilimia 9 ya Mei 1975. Marekani, fundi wa kiwanda cha magari aliyeachishwa alibaki bila kazi kabisa, na dodoso la ajira likamhesabu. Kijana wa bodaboda Nakuru au Tanga petroli ikipanda hafukuzwi na mtu. Anaendelea kukaa kijiweni, abiria wanapungua kwa kuwa wengi wameamua kutembea, anatoka alfajiri zaidi na kurudi usiku zaidi, na baada ya kutoa mafuta na hesabu ya tajiri anabaki na nusu ya alichozoea. Mama lishe anapunguza sufuria moja na kumwambia msaidizi wake aje siku tatu badala ya sita. Pato limeshuka, kazi imeshuka, na kwenye dodoso la ajira wote hawa watatu watajibu kwamba wiki iliyopita walifanya kazi. Kwa hiyo anayetaka kuona mguu wa tatu wa msukosuko wa ugavi, yaani ajira baada ya bei na pato, katika nchi zetu atafute saa za kazi na kipato cha siku, kwa sababu safu ya wasio na ajira inaweza kubaki karibu ilipokuwa.